Skani ya Mkataba Inaporudi

Kulinganisha skani ya mkataba uliosainiwa na maandishi yaliyoidhinishwa huanza na uamuzi wa ni faili gani hasa liwe kipimo. Kipimo ni ile PDF iliyotumwa kwa ajili ya kusainiwa, si faili la Word lililobaki kwenye kompyuta. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zilezile huhamisha mistari kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, na hapo mtu ataona tofauti ambazo hakuna aliyezifanya. Skani nayo huhifadhiwa kama ilivyopokelewa, na kazi hufanyiwa kwenye nakala yake.

Tuseme ni mkataba wa pango la fremu ya duka jijini Dar es Salaam. Una kurasa 14, umechapwa pande mbili, kwa hiyo ni karatasi 7. Kodi ni shilingi 850,000 kwa mwezi, inalipwa miezi 6 kwa mpigo. Mpangaji amesaini, karatasi zimepelekwa kwa mwenye nyumba, na siku tatu baadaye skani imerudi kwa barua pepe. Kompyuta inaonyesha kurasa 14. Wengi huishia hapo, wakashuka hadi ukurasa wa mwisho kutazama saini, wakafunga faili.

Idadi ya kurasa peke yake haithibitishi kitu. Katika skani hii namba zilizo chini ya kurasa zinasomeka 1 hadi 8, kisha 7 na 8 tena, kisha 9, 10, 13 na 14. Jumla ni 14 kweli, lakini ukurasa wa 11 na wa 12 haumo. Karatasi ilikwama kwenye mashine, ikarudishwa na kuskaniwa upya. Baadaye karatasi moja ikarukwa nzima. Dalili kwamba ni ajali ya kuskani ni kwamba 11 na 12 ni pande mbili za karatasi moja. Kama zingekosekana 10 na 11, ambazo ni pande zinazotazamana za karatasi mbili tofauti, maelezo mepesi yangekuwa kwamba mashine ilivuta karatasi mbili kwa pamoja. Iwapo zinakosekana kurasa zote za namba shufwa, basi mashine iliskani upande mmoja tu.

Ukurasa uliobadilishwa ni kazi nyingine, maana hapo namba zote zipo na zinafuatana. Kipimo cha kwanza ni maungio: maneno ya mwisho ya ukurasa mmoja na ya kwanza ya unaofuata. Ukurasa wa 9 wa PDF iliyoidhinishwa unaishia “kwa kutoa notisi ya maandishi ya” na wa 10 unaanza “siku tisini”. Anayebadilisha ukurasa kwa pupa huacha sentensi ikining’inia au ikijirudia. Ila mwenye hila hulijua hilo, na katika mfano huu maungio yote yako sawa.

Aliyeyatengeneza maungio alisahau ukingo wa kulia. Zikiwekwa kurasa mbili za 9 sambamba, bila hata kusoma maana, mtu anaweza kushuka na neno la mwisho la kila mstari. Mistari 11 ya kwanza inalingana. Mstari wa 12 kwenye PDF unaishia “ukarabati”. Kwenye skani unaishia “kila”. Hapo pameingizwa sentensi inayosema kodi itapanda kwa asilimia 10 kila mwaka, na ili ukurasa uishie mahali pale pale, nafasi kati ya mistari imebanwa. PDF ina mistari 36, skani ina 38. Baada ya hapo dalili nyingine hujitokeza zenyewe: kurasa jirani zina kivuli cha matundu ya pini pembeni juu, huu hauna, na saini fupi ya mpangaji, ambayo kila karatasi ilikuwa nayo ilipoondoka mikononi mwake, hapa haipo.

Yapo mabadiliko ambayo ukingo wa kulia hauyafichui. Tarakimu 90 ikigeuzwa 30, mstari hausogei hata nywele. Kiswahili kina mtego wake pia: “dhamana atarudishiwa” na “dhamana hatarudishiwa” zinatofautiana kwa herufi moja, na jicho lililochoka hupita juu yake. Ndiyo maana fedha, tarehe, majina, muda na vitenzi vya kukanusha hukaguliwa kivyake, mtu mmoja akisoma PDF kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole kwenye skani. Anayesoma ni yule wa PDF; akisoma wa skani, msikilizaji huwa mwepesi kukubali anachotarajia kusikia.

Programu ya kutambua maandishi inaweza kuigeuza skani kuwa maneno, kisha ikayalinganisha na PDF. Husaidia kwa mkataba mrefu, hasa skani ikiwa ya nukta 300 kwa inchi. Lakini doa la wino hulifanya koma, herufi l huisoma kama tarakimu 1, na maandishi ya mkono aghalabu huyaruka kabisa. Kwa hiyo kila tofauti inayoonyesha hurudiwa kwa macho, na inapokaa kimya kimya chake hakihesabiwi kuwa ushahidi. Hata picha yenyewe inaweza kudanganya. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilibadilisha tarakimu wakati wa kuskani: kwenye ramani ya nyumba, vyumba vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa na 14.13. Sababu ilikuwa mbinu ya kupunguza ukubwa wa faili, ambayo hutumia upya vipande vya picha inavyodhani vinafanana.

Kwa maandishi ya mkono, cha kwanza ni kutaka skani ya rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe, kalamu ya bluu hufanana na chapa, na wino mweupe wa kufutia hupotea kwenye weupe wa karatasi. Si kila mwandiko ni tatizo: tarehe na majina ya mashahidi viliachiwa nafasi ili vijazwe. Tatizo liko ukurasa wa 3, ambapo miezi “6” imekatwa na juu yake pameandikwa “12”, pembeni pana saini fupi ya mwenye nyumba peke yake. Hilo ni pendekezo la upande mmoja, na mpangaji hajaonyesha popote kwamba amelikubali.

Matokeo huandikwa kwa ukurasa na mstari, maneno ya PDF upande mmoja na ya skani upande wa pili, bila kumtuhumu mtu, kwani ulinganisho haumtaji aliyefanya badiliko. Swali la kama kalamu ilipita kabla au baada ya saini huhitaji karatasi yenyewe na mtaalamu wa maandishi. Kurasa 11 na 12 haziombwi peke yake zikachomekwa. Huombwa skani mpya ya mkataba mzima, na yote hukaguliwa tena. Ukurasa wa 9 huchapwa upya kutoka PDF na kuwekewa saini fupi za pande zote mbili. Miezi 12 ama hukubaliwa kwa saini fupi ya mpangaji kando yake, ama ukurasa huo nao huchapwa upya ukiwa na miezi 6.