Fahamu: Leseni ya mgahawa Tukuyu na ukaguzi wa afisa afya

Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, leseni ya mgahawa wa kawaida mjini Tukuyu hutolewa na Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, na mwombaji huanzia TRA kupata TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, kisha huwasilisha maombi kupitia mfumo wa Tausi akiwa na mkataba wa pango.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, huwa jengo lenyewe. Afisa afya hutazama choo, maji ya kunawa, mapipa yenye mifuniko na vyeti vya upimaji wa afya vya wapishi na wahudumu. Lakini katika mji wenye mvua nyingi kama Tukuyu, sakafu na mifereji ndivyo huumbua wengi, kwa kuwa maji yanayotuama jikoni hukaribisha inzi na ukungu. Ndoo moja ya maji ikimwagwa sakafuni huonyesha kasoro hiyo mara moja: yasipotiririka kuelekea mfereji, saruji inahitaji kupewa mwinamo upya.

Mpangaji atafanya vyema kulifanya jaribio hilo kabla ya kutia saini mkataba, si baada yake.