Asilimia 90 Isiyo 90

Mchezaji anaona 90 kwenye skrini, anaamuru shambulio, na askari wake anakosa. Papo hapo anaamini kompyuta imemwibia. Lakini kwa asilimia 90 ya kweli, ukishambulia mara 10, uwezekano wa kukosa angalau mara moja ni kama asilimia 65.

Fire Emblem ni mfululizo wa michezo ya vita ya Kijapani, na kwa kawaida askari wako akifa humo harudi tena. Kukosa mara moja kunaweza kukugharimu mtu uliyemlea tangu mwanzo. Zamani kompyuta ilichagua namba moja kati ya 0 na 99. Ikiwa ndogo kuliko iliyo kwenye skrini, pigo limempata adui. Kuanzia The Binding Blade ya mwaka 2002, ikawa inachagua namba mbili na kutumia wastani wake.

Tazama dadu mbili zikirushwa pamoja. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, lakini 12 kwa njia moja tu. Wastani wa namba mbili nao hupenda kukaa katikati na ni nadra kufika pembeni. Kwa hiyo 90 ya kwenye skrini inakuwa 98.1 kwa kweli, na 10 inashuka hadi 2.1. Kwa kuwa askari wa mchezaji mara nyingi wana namba kubwa na maadui namba ndogo, hesabu hii humbeba mchezaji pande zote mbili, na kukosa kunakaribiana na anavyotarajia moyoni.

Hapo ndipo penye tatizo. Chukua askari mwenye silaha mbili: shoka linaloondoa uhai 20 kwa asilimia 40, na upanga unaoondoa 9 kwa asilimia 80. Mchezaji makini anazidisha: shoka linampa wastani wa 8, upanga 7.2. Anachagua shoka. Kumbe 40 ile kwa kweli ni 32.4, na 80 ni 92.2. Shoka linaleta takriban 6.5, upanga 8.3. Aliyefikiri vizuri ndiye aliyepotoshwa, wakati mchezo wa mbinu umejengwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo hasa.

Kwa maoni yangu, hakuna ubaya kutumia namba mbili; ubaya ni kuandika 90. Andika 98. Na ikiwa kukosa kunauma mno, rekebisha kanuni badala ya kuficha hesabu. Into the Breach ya mwaka 2018 ilifanya hivyo: mashambulizi ya mchezaji hayakosi kabisa, na maadui huonyesha mapema watakapopiga. Ugumu ukahamia kwenye kuamua nani asukumwe wapi, na jengo lipi liachwe lipigwe.