Jinsi jina la dawa linavyofichua ukoo wake

MWAKA wa 1998 serikali ya Kenya iliiondoa klorokwini katika nafasi ya dawa ya kwanza ya kutibu malaria, na mahali pake pakachukuliwa na dawa ambayo wengi waliifahamu kwa jina la Fansidar.

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambako malaria ilizuka kwa kishindo mara kadhaa katika miaka ya 1990, kumeza tembe tatu kwa mara moja kukawa jambo la kawaida katika familia nyingi.

Wengi walipona. Wachache, hata hivyo, walitokwa na vipele na kuwashwa mwili mzima, na katika visa adimu ngozi ilifanya malengelenge na kubanduka. Aliyepatwa na mkasa huo aliondoka hospitalini na onyo moja: asitumie Fansidar tena.

Onyo hilo ni la kweli, lakini lina pengo kubwa. Fansidar ni jina la kibiashara tu. Serikali iliamua mwaka wa 2004 kuiacha kama tiba ya kwanza, na kuanzia 2006 vituo vya umma vikaanza kutoa mseto wa artemether na lumefantrine. Lakini ndugu wa karibu wa Fansidar wangali wamejaa katika maduka ya dawa, na hakuna hata mmoja wao anayeitwa Fansidar.

Mgonjwa anayelikumbuka jina la biashara pekee hawezi kuwatambua ndugu hao. Anayejua kulisoma jina la pili, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo, anaweza.

MAJINA MAWILI

Karibu kila pakiti ya dawa hubeba majina mawili. La kwanza, kubwa na la kuvutia, hubuniwa na kampuni na ni mali yake. La pili ni jina la kimataifa la dawa yenyewe, ambalo halimilikiwi na yeyote. Dawa moja inaweza kuwa na majina kumi ya biashara, lakini jina lake la kimataifa ni moja.

Majina haya ya kimataifa huratibiwa na Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO). Mpango huo ulipitishwa mwaka wa 1950, na orodha ya kwanza ikatolewa mwaka wa 1953.

Kampuni inayogundua dawa mpya hupendekeza majina, wataalamu huyachunguza, kisha jina linalofaa huchapishwa na watu hupewa miezi minne ya kulipinga kabla ya kuidhinishwa. Jina halipaswi kufanana mno na jingine kwa sauti wala kwa maandishi.

Sehemu moja ya jina hubuniwa kiholela ili kuitofautisha dawa na nyingine. Sehemu ya pili huitwa shina, na shina huashiria ukoo wa dawa. Kwa kawaida shina hukaa mwishoni mwa jina, ingawa mara nyingine hukaa mwanzoni.

Mfano mwepesi ni penisilini. Dawa za ukoo huo huishia kwa -cillin: amoxicillin, ampicillin, cloxacillin. Mgonjwa mwenye mzio wa penisilini akiuziwa Ampiclox, jina kubwa halimwambii lolote la hakika. Herufi ndogo zinamwambia kwamba ndani mna ampicillin na cloxacillin, yaani mna dawa mbili za ukoo uleule anaopaswa kuuepuka.

UKOO WA SALFA

Sasa Fansidar. Kila tembe ya dawa hiyo ina miligramu 500 za sulfadoxine na miligramu 25 za pyrimethamine. Shina lililo muhimu hapa limekaa mwanzoni: sulfa-. Hilo ndilo jina la ukoo wa salfa, dawa za kupambana na viini ambazo zilianza kutumiwa katika miaka ya 1930.

Mzio unaotokana na Fansidar mara nyingi huhusishwa na sehemu hiyo ya salfa. Tena sulfadoxine hukaa mwilini kwa muda mrefu: baada ya siku nane hivi, takriban nusu yake ingali katika damu. Ndiyo sababu ilitolewa mara moja tu, na ndiyo sababu madhara yake yanapoanza hayawezi kukatizwa upesi kwa kuacha kumeza tembe.

Hebu na tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayeishi Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Mwaka wa 2001 alipewa Fansidar, na baada ya siku kadhaa akapata homa, vidonda mdomoni na malengelenge kifuani. Alilazwa, akapona, na katika kitabu chake cha kliniki kukaandikwa: asipewe Fansidar.

Miaka mingi baadaye anaugua maambukizi ya njia ya mkojo. Katika duka la dawa anaulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, naye anajibu kwa uaminifu kuwa ni Fansidar, dawa ya malaria. Muuzaji anatulia, kwa kuwa hakusudii kumpa dawa ya malaria. Anampa Septrin.

Septrin ni jina la biashara. Chini yake huandikwa co-trimoxazole, na mara nyingi kuna nambari 480. Nambari hiyo ni jumla: miligramu 400 za sulfamethoxazole na 80 za trimethoprim. Sulfamethoxazole huanza kwa shina lile lile, sulfa-. Mama huyu amekabidhiwa ndugu wa dawa iliyomlaza hospitalini, akiwa amevaa vazi jingine.

Si lazima kila aliyedhurika kwa salfa moja adhurike kwa nyingine. Lakini kwa mtu ambaye ngozi yake iliwahi kufanya malengelenge au kubanduka, daktari hajaribu bahati. Humtafutia dawa ya ukoo tofauti kabisa.

PALE JINA LINAPOPOTOSHA

Kisa hiki kinaonyesha pia kwamba kusoma majina kuna mitego yake. Mtego wa kwanza ni jina co-trimoxazole lenyewe. Ni jina la mseto lililobuniwa Uingereza: "co" huashiria mchanganyiko, "tri" imetoka kwa trimethoprim, na "oxazole" imetoka mwishoni mwa sulfamethoxazole. Katika kuunganisha vipande hivyo, shina sulfa- lilidondoka. Kwa hiyo jina la mseto halitoshi. Sharti msomaji atafute mstari unaotaja kila kiungo na kipimo chake.

Mtego wa pili ni mwisho -azole. Mtu anaweza kudhani kuwa dawa zote zenye mwisho huo ni jamii moja. La hasha. Herufi hizo huashiria tu umbo fulani la kikemia, na shina la kweli ni refu zaidi.

Fluconazole, yenye -conazole, huua kuvu. Albendazole, yenye -bendazole, ni ya minyoo. Metronidazole, yenye -nidazole, hutumika dhidi ya amiba na baadhi ya bakteria. Omeprazole, yenye -prazole, haiui kiini chochote kwa kazi yake ya kawaida, bali hupunguza asidi tumboni. Nayo sulfamethoxazole inajulikana kwa mwanzo wake, si kwa mwisho wake. Anayelinganisha herufi nne za mwisho pekee atachanganya dawa ya minyoo na ya vidonda vya tumbo.

Mtego wa tatu huwahangaisha hasa akina mama wajawazito. Tembe za kuongeza damu huandikwa "ferrous sulphate", na wapo wanaoziogopa kwa sababu waliambiwa wajihadhari na salfa. Hofu hiyo haina msingi. "Sulphate" ni neno la pili linalotaja chumvi ambayo dawa imeunganishwa nayo, na huonekana pia kwenye kwinini na kwenye salbutamol ya pumu. Salfa ya mzio ni ile inayoanza jina lenyewe la dawa.

Mkanganyiko huongezwa na tahajia. Kanuni za WHO hupendelea "f" badala ya "ph" ili jina lisomeke kwa urahisi katika lugha nyingi, na hivyo jina rasmi ni sulfadoxine. Lakini baadhi ya pakiti zingali zikiandika "sulphadoxine" kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza. Ni dawa ile ile.

SALFA HAIJAONDOKA

Huenda mtu akadhani kwamba sulfadoxine ni habari ya kale. Sivyo. Katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, ambako malaria haikomi mwaka mzima, wajawazito hupewa mseto wa sulfadoxine na pyrimethamine, maarufu kama SP, ili kuwakinga. Kisii na Nyamira zimo katika kundi la nyanda za juu, ambako malaria huja kwa milipuko, na hazimo katika eneo la mpango huo. Lakini Kisii inapakana na Homa Bay na Migori, ambazo zimo.

Mwanamke wa Kisii aliyeolewa Migori anaweza basi kupewa SP kliniki ilhali kitabu chake cha nyumbani kinataja Fansidar pekee. Na iwapo anaishi na virusi vya Ukimwi na humeza co-trimoxazole kila siku, WHO inashauri asiongezewe SP, kwa kuwa dawa mbili za salfa kwa pamoja huzidisha hatari ya madhara. Herufi za mwanzo za majina yale mawili zinatosha kumtahadharisha muuguzi, mradi mgonjwa amezitaja.

Shina lina mipaka yake. Linataja ukoo, halitaji kipimo, wala halithibitishi kwamba dawa iliyo ndani ya pakiti si bandia. Wala kichefuchefu baada ya kumeza tembe si mzio. Ni usumbufu ambao dawa nyingi huleta. Dalili za hatari ni homa pamoja na vidonda vya mdomo au macho mekundu yanayouma, malengelenge, na ngozi inayobanduka. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki chache za mwanzo za kutumia dawa, na mwenye nazo huacha dawa na kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa yule mama wa Keroka, tofauti yote ingeletwa na mstari mmoja wa kitabu cha kliniki. Badala ya "asipewe Fansidar", ungesomeka: "Mzio wa salfa: sulfadoxine, 2001, malengelenge na vidonda vya mdomo." Muuzaji dawa wa Nyansiongo, Ogembo au Migori angeushika mstari huo mkononi, autazame upande wa pakiti ya Septrin, aone sulfamethoxazole, na airudishe rafuni.