Koti la kwanza la baridi: ukitoka Lushoto kwenda kwenye theluji

Asubuhi ya Julai ukipita sokoni Lushoto utaona makoti ya kila namna: marefu, mafupi, ya ngozi, yenye manyoya shingoni. Sisi wa milimani tunajua baridi. Wajerumani walipapenda hapa, wakapaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakawa wanapanda kuja kukimbia joto la pwani. Kwa hiyo kijana wetu anapopata nafasi ya kwenda Ulaya au Marekani, wazee humwambia asiwe na wasiwasi, baridi ameizoea.

Hapo ndipo tunapokosea. Usiku wa Julai mjini Lushoto joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Katika mji wa Minneapolis, Marekani, ambako wanaishi watu wengi waliotoka Afrika Mashariki, usiku wa kawaida wa Januari hufika nyuzi 10 chini ya sifuri na kupita, na kuna siku hufika 20 chini ya sifuri. Tofauti kati ya Julai ya hapa na Januari ya kule ni kubwa kuliko tofauti unayoisikia ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo.

Tuseme basi kijana wa Mlalo anaondoka Januari kwenda mji huo. Anaingia sokoni, anapata jaketi la mtumba la ngozi, limemkaa vizuri mabegani, kiuno kimebana, anapendeza. Analilipia. Akifika kule anavaa sweta mbili chini yake, na zipu haifungi tena. Akivaa sweta moja zipu inafunga, lakini bado anatetemeka. Kosa lake ni lipi?

Koti halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini mwako. Kazi ya koti ni kulizuia lisiondoke, kama chupa ya chai inavyofanya. Na kinachozuia joto hasa si kitambaa chenyewe, ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi za sweta, katikati ya manyoya ya bata yaliyojazwa ndani ya koti, na kati ya nguo moja na nyingine. Jaketi linalobana huikamua hewa hiyo ikaisha. Ndiyo maana mtu aliyevaa nguo nyingi zilizokazana anaweza kupigwa na baridi kuliko aliyevaa chache zenye nafasi.

Lakini nafasi ikizidi nayo ni hasara. Koti lililo wazi chini na shingoni hupitisha upepo kama bomba, na ile hewa uliyokwisha kuipasha moto inatoka.

Kwa hiyo usijaribu koti la baridi ukiwa na fulana peke yake. Nenda sokoni na sweta yako, hata kama jua linawaka na mama muuzaji anakucheka. Vaa fulana, vaa sweta, ndipo uvae koti. Funga zipu mpaka kidevuni. Inua mikono juu ya kichwa: tumbo na mgongo visibaki wazi. Nyoosha mikono mbele kama mtu anayebeba mzigo wa kuni: vifundo vya mikono visichungulie. Jikumbatie: mgongo usivutike. Kisha kaa chini. Koti zuri la baridi kali hufunika makalio, kwa sababu utasimama kituoni ukingoja basi, na utakaa kwenye benchi lililoganda. Mwisho, tia ngumi yako kati ya sweta na zipu. Ikiingia bila kulazimisha, inatosha. Zikiingia ngumi mbili, koti ni kubwa mno.

Kama koti ni la mtumba, likague zaidi. Weka mdomo kwenye kitambaa cha nje upulize kwa nguvu, na kiganja chako kiwe upande wa ndani; ukisikia pumzi, upepo nao utapita. Angalia kama kuna kipande cha kitambaa kinachofunika zipu, maana zipu tupu ni mlango. Kama limejazwa manyoya ya bata, libonye kwa kiganja kisha uachie. Linapaswa kuumuka tena lenyewe. Likibaki bapa, au ukipapasa ukakuta mabonge huku na utupu kule, manyoya yamekwisha kushikana. Manyoya ni mepesi na yana joto sana, ila yakilowa yanashikamana na kazi yao inakufa. Poliesta iliyojazwa ni nzito kidogo, lakini ikilowa bado inasaidia. Kwa mji wa mvua na theluji inayoyeyuka, sisi tungechagua hiyo.

Sasa nguo za chini yake. Vazi linalogusa ngozi lisiwe la pamba. Pamba hunywa jasho na haikauki upesi. Aliyepanda mlima kutoka Soni na mzigo, akafika juu akakaa kwenye upepo, anajua jasho linavyogeuka barafu mgongoni. Kule jambo hilo linatokea kila siku: unatembea haraka, unaingia ndani ya basi lenye joto, unatoka jasho, halafu unashuka kwenye upepo. Vaa ndani fulana ya mikono mirefu ya poliesta au ya sufu nyembamba, inayokaa karibu na ngozi bila kubana. Juu yake sweta ya sufu au ya kitambaa chenye manyoya laini. Koti ndilo la mwisho, na kazi yake kubwa ni kuzuia upepo. Sweta mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, kwa kuwa nyumba na ofisi za kule zina joto, na utahitaji kuvua moja. Ukianza kusikia joto unapotembea, fungua zipu kidogo kabla jasho halijatoka.

Je, ununue hapa au kule? Anayeondoka Agosti kwa masomo asihangaike. Abebe sweta, anunue koti mwezi wa Oktoba akiwa kule, katika maduka ya nguo zilizotumika, baada ya kuona wenyeji wanavaa nini. Wa Januari hana muda huo. Lazima atoke uwanja wa ndege akiwa na koti linalofunga, kofia ya sufu inayofunika masikio, na glavu. Glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Viatu viwe vikubwa kiasi cha kuingiza soksi nene bila kubana vidole.

Ukiwa nje, mwili wenyewe utakuambia pengo liko wapi. Baridi ikikupiga kiunoni, koti ni fupi au halijafungwa chini. Ikishuka mgongoni, funga shingo. Vidole vikiuma ni onyo. Vikiacha kuuma na kufa ganzi, na ngozi ikawa ngumu au ya kijivu kama imepakwa nta, ingia ndani mara moja. Usivisugue, wala usivisogeze kwenye moto au hita, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi huungua bila wewe kusikia. Viweke kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wa mtu mwingine unayavumilia bila shida, na hisia zisiporudi nenda hospitali.

Yule kijana wa Mlalo hakuhitaji kulitupa jaketi lake la ngozi. Kule nako kuna Mei, na jioni za Mei litamtosha na fulana moja.