Magadi, Siki na Maji Yaliyo Kati

Asidi ni kitu kinachotoa protoni, na besi ni kitu kinachoipokea. Maelezo haya mafupi yalitolewa mwaka 1923 na wanakemia wawili, kila mmoja kivyake: Johannes Nicolaus Brønsted wa Copenhagen na Thomas Martin Lowry wa Cambridge. Protoni inayotajwa hapa ni atomu ya haidrojeni iliyopoteza elektroni yake moja, kikabaki kiini kitupu chenye chaji chanya, yaani H⁺. Kiini hicho ni kidogo mno na mvuto wake ni mkubwa, hivyo ndani ya maji hakikai peke yake. Kikibanduka kwenye molekuli moja hudaka nyingine papo hapo. Kwa hiyo hakuna kutoa bila wa kupokea, na kila asidi inapofanya kazi lazima kuwe na besi upande wa pili.

Maelezo yaliyotangulia, ya Svante Arrhenius wa Uswidi, hayakuwa na upande huo wa pili. Kwake yeye asidi ilikuwa kitu kinachoachia H⁺ majini, na besi kitu kinachoachia OH⁻. Yalifaa kwa vitu vingi, lakini yalikwama kwenye kitu cha kawaida kama magadi. Mawe ya magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, na yanayojitanda juu ya Ziwa Natron nchini Tanzania, kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo trona, ambayo fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Humo hakuna OH⁻ hata moja ya kuachiwa. Hata hivyo maji ya magadi huteleza vidoleni na hugeuza karatasi nyekundu ya litimasi kuwa ya buluu. OH⁻ inayofanya hivyo inatoka kwingine, nayo inatoka kwenye maji yenyewe.

Kabla ya kufika kwenye magadi, inafaa kuanza na siki, kwa kuwa mwendo wake ni mwepesi kuufuata. Uchachu wa siki ni wa asidi asetiki, CH₃COOH. Ikiingia majini hutokea hivi:

CH₃COOH + H₂O ⇌ CH₃COO⁻ + H₃O⁺

Asidi asetiki imetoa protoni na kubaki ioni ya asetati. Maji yameipokea na kuwa ioni ya haidroniamu, H₃O⁺. Mishale miwili inaonyesha kwamba safari ni ya kwenda na kurudi: asetati nayo inaweza kuipokea protoni hiyo tena kutoka kwa haidroniamu, na kufanya hivyo ni kutenda kazi ya besi. Ndiyo maana asidi asetiki na asetati huitwa jozi ya wenza: mmoja ni asidi, mwingine ni besi mwenza wake, na kinachowatenganisha ni protoni moja tu. Upande wa pili kuna jozi nyingine, H₃O⁺ na H₂O, ambamo maji ndiyo besi. Kila mmenyuko wa asidi na besi una jozi mbili za namna hii, si moja.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza katika mitihani. Wenza hawatafutwi upande mmoja wa mishale. Mmoja yuko kushoto na mwingine kulia. Tena tofauti yao haizidi H moja na chaji moja. Asidi salfuriki, H₂SO₄, na salfeti, SO₄²⁻, si wenza ingawa zinaonekana ndugu, kwa sababu kati yao kuna protoni mbili. Mwenza wa H₂SO₄ ni HSO₄⁻. Vivyo hivyo H₃O⁺ na OH⁻ si wenza, kwa kuwa katikati yao yamekaa maji, ambayo ni mwenza wa kila mmoja.

Sasa magadi. Sehemu ya trona inayovuta protoni kwa nguvu zaidi ni ioni ya kabonati, CO₃²⁻. Ikiyeyuka majini inakutana na molekuli za maji pande zote, na safari hii maji ndiyo yanayotoa:

CO₃²⁻ + H₂O ⇌ HCO₃⁻ + OH⁻

Kabonati imegeuka bikabonati, na maji yaliyonyang'anywa protoni yamebaki OH⁻, ioni ya haidroksidi. Hii ndiyo inayogeuza litimasi, na ndiyo inayoanza kugeuza mafuta ya ngozi kuwa kitu cha jamii ya sabuni, hata vidole vikateleza. Molekuli ileile ya H₂O iliyokuwa besi mbele ya siki imekuwa asidi mbele ya magadi. Maji yenyewe hayajabadilika. Aliyebadilika ni yule wanayekutana naye. Kwa mtazamo wa Brønsted na Lowry, kuuliza kama maji ni asidi au besi bila kusema yako na nani ni swali lisilo na jibu.

Kinachoamua nani atoe na nani apokee ni nguvu, na nguvu za wenza wawili huenda kinyume. Asidi inayoachia protoni kwa urahisi huwa na besi mwenza asiyeitaka tena. Asidi haidrokloriki, HCl, huachia protoni zake karibu zote majini, na mwenza wake, kloridi, hana hamu nazo kabisa, ndiyo maana maji ya chumvi ya mezani hayagusi litimasi. Asidi asetiki ni dhaifu: katika siki ya kawaida yenye asidi asilimia 5, ni molekuli zipatazo 5 tu katika kila 1000 ambazo protoni yake iko nje wakati wowote. Hivyo asetati ni besi ya kiasi fulani, na mmumunyo wa asetati ya sodiamu huonyesha ualkali kidogo. Bikabonati ni asidi dhaifu zaidi ya asetiki kwa mbali, kwa hiyo mwenza wake, kabonati, ni besi yenye nguvu ya kuonekana wazi.

Trona ina jambo la pekee ambalo halipatikani kwenye kila chumvi. Ndani ya jiwe lake wamo wenza wote wawili, kabonati na bikabonati, kwa idadi sawa. Likiyeyushwa, maji husimama karibu na pH 10 na hayasogei kirahisi. Ikiongezwa asidi kidogo, kabonati huidaka protoni na kuwa bikabonati. Ikiongezwa alkali, bikabonati hutoa protoni na kuwa kabonati. Mmumunyo wa namna hii unaozuia pH isiyumbe hutengenezwa maabara kwa kupima vitu viwili kwenye mizani. Ziwani umejitengeneza wenyewe.

Magadi na siki zikikutana, hesabu yake inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Tuseme gramu 22.6 za trona safi, ambazo ni moli 0.1, zimeyeyushwa kwenye maji mengi. Humo mna moli 0.1 ya kabonati na moli 0.1 ya bikabonati. Siki ya asilimia 5 ina takriban moli 0.83 za asidi katika lita moja. Ikimiminwa taratibu huku mmumunyo ukikorogwa, protoni za kwanza huenda kwa kabonati, kwa kuwa ndiyo besi yenye nguvu zaidi mle ndani:

CH₃COOH + CO₃²⁻ → CH₃COO⁻ + HCO₃⁻

Hatua hii haitoi gesi. Mililita kama 120 za mwanzo huingia na povu likiwa dogo sana, jambo linalomshangaza anayetegemea mlipuko wa mapovu tangu tone la kwanza. Kabonati ikiisha, chomboni mnabaki moli 0.2 za bikabonati, na sasa ni zamu yake kuwa besi. Bikabonati ikipokea protoni huwa asidi kaboniki, H₂CO₃, ambayo haidumu. Huvunjika kuwa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi. Hapo ndipo povu linapopanda, na huendelea kwa mililita nyingine 240 hivi. Gesi yote ikikusanywa kwenye joto la kawaida la chumba ingekaribia lita 5, ukiacha ile inayobaki imeyeyuka majini. Siki ikimwagwa kwa pupa, au juu ya jiwe lenyewe, povu hutoka mara moja, kwa sababu pale inapoangukia asidi huwa nyingi kuliko kabonati iliyo karibu. Magadi ya sokoni yana udongo na chumvi nyingine, hivyo huhitaji siki pungufu ya hiyo.

Ioni ileile, HCO₃⁻, ilikuwa asidi mwenza katika mmenyuko wa magadi na maji, na hapa imekuwa besi. Maji hayako peke yake katika tabia hiyo. Yanachowapita wengine ni kwamba yako mengi kuliko vitu vyote vilivyoyeyuka ndani yake, na yanaweza kutoa na kupokea hata yakiwa safi kabisa:

H₂O + H₂O ⇌ H₃O⁺ + OH⁻

Molekuli moja ni asidi, jirani yake ni besi. Hutokea kwa uchache sana. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kwa wastani ni molekuli moja tu katika kila milioni 550 hivi iliyopoteza protoni yake, na hapo ndipo ilipotoka pH 7 ya maji safi. Namba hiyo imezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa sheria, lakini inategemea joto. Kwenye nyuzi 60 maji safi yana pH ya 6.5, na bado hayaegemei upande wowote, maana H₃O⁺ na OH⁻ zimeongezeka kwa usawa.

Maji si sharti la lazima. Gesi ya HCl na gesi ya amonia zikikutana hewani hutoa moshi mweupe wa kloridi ya amonia: protoni imehama kutoka HCl hadi NH₃ moja kwa moja. Kinyume chake, HCl iliyoyeyushwa kwenye tolini kavu haigeuzi litimasi kavu, kwa sababu tolini haina hamu ya kupokea protoni.

Tena maji yanaweka mpaka juu na chini. Asidi haidrokloriki na asidi naitriki hazina nguvu sawa, lakini mimumunyo yake ya moli 0.1 kwa lita yote husoma pH 1, kwani zote mbili hukabidhi protoni zake kwa maji, na kinachobaki kupimwa ni H₃O⁺ tu. Upande wa besi ni hivyo hivyo. Ioni ya amidi, NH₂⁻, ina nguvu kuliko haidroksidi, ila ikiguswa na maji huyanyang'anya protoni papo hapo na kuacha amonia na OH⁻. Anayetaka kuitumia amidi bila kuipoteza huhamia kwenye amonia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, chini ya nyuzi 33 hasi. Humo amonia ndiyo inayocheza pande zote mbili: molekuli moja hutoa na kuwa NH₂⁻, nyingine hupokea na kuwa NH₄⁺.