Hesabu fupi ya sampuli: inachouliza na inachoficha kwa wafanyabiashara wa mpakani

Wafanyabiashara wa Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo wamezoea kuhojiwa. Leo anakuja mwanafunzi wa chuo kikuu na dodoso lake, kesho ni mtu wa mradi, keshokutwa chama chenyewe kinataka maoni ya wanachama wake. Ripoti ikitoka huwa na sentensi kama hii: asilimia kadhaa ya wafanyabiashara wanakubali ada fulani, au hawajui kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sentensi hiyo ndiyo hubebwa hadi kwenye mkutano wa kupanga ada. Wachache hufungua ukurasa wa nyuma unaoeleza waliohojiwa walipatikanaje. Mara nyingi ukurasa huo una kanuni moja fupi, inayotajwa kwa jina la Taro Yamane, ambaye kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967 ndicho hunukuliwa zaidi. Wengine, hasa Ufilipino, huiita kanuni ya Slovin. Nayo ni hii:

n = N / (1 + N × e²)

Herufi N ni idadi ya watu wote wanaochunguzwa, e ni kosa linalovumilika, na n ni idadi ya watu wa kuhojiwa. Umaarufu wake unatokana na urahisi. Inadai vitu viwili tu, na yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuitumia.

Mfano wa chama chenye watu 1,200

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha wafanyabiashara wa mpakani kina wanachama 1,200. Viongozi wanataka kujua kama wanachama wanakubali kulipa ada ya kila mwezi kwa ajili ya ghala la pamoja karibu na mpaka. Wanavumilia kosa la asilimia 5, yaani 0.05.

Nukta sifuri tano ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe ni 0.0025. Mara 1,200 ni 3. Ongeza 1, unapata 4. Gawa 1,200 kwa 4, jibu ni 300. Chama kitahoji watu 300.

Sasa tubadilishe N. Kama chama kingekuwa na watu 12,000, jibu lingekuwa 388. Kikiwa na 120,000, jibu ni 399. Watu wameongezeka mara mia, lakini wa kuhojiwa hawajaongezeka hata mara mbili. Kwa kosa la asilimia 5, kanuni hii haivuki 400, hata N iwe ya nchi nzima.

Hilo ni muhimu mpakani, ambako idadi kamili ya wafanyabiashara ni vigumu kuipata. Wengi hawamo kwenye daftari lolote, na wengine hupita njia za panya. Watafiti huhangaika kutafuta N, pengine huikisia, kumbe mara N inapokuwa kubwa haibadilishi jibu sana. Yanayobadilisha jibu ni mambo ambayo kanuni haiyaulizi.

Uhakika uliofichwa

Kanuni hii ni kifupisho cha kanuni ndefu zaidi. Ile ndefu humtaka mtafiti aseme anataka uhakika wa kiasi gani, na anadhani maoni ya watu yamegawanyika vipi. Kifupisho kimeyajibu maswali yote mawili kimyakimya. Kimechukua kwamba uhakika ni takriban asilimia 95, na kwamba watu wamegawanyika nusu kwa nusu, nusu wanasema ndiyo na nusu hapana.

Dhana ya nusu kwa nusu haina madhara kwa swali la ndiyo au hapana, kwa sababu mgawanyiko huo ndio unaohitaji wahojiwa wengi zaidi. Tatizo huanza watu wanapochanganya kosa na uhakika. Ripoti nyingine husema imetumia e ya 0.10 “kwa uhakika wa asilimia 90”. Kwa chama chetu, e ya 0.10 inatoa watu 93 tu. Lakini uhakika haujashuka hadi 90. Umebaki pale pale kwenye 95. Kilichobadilika ni upana wa kosa, ambao sasa ni pointi 10 kila upande.

Maana yake ni kwamba uchunguzi kama huo ukirudiwa mara 100, karibu mara 95 jibu litakuwa ndani ya pointi 10 za ukweli. Asilimia 54 wakisema ndiyo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 44 na 64. Hata kwa watu 300, asilimia 54 ni kati ya 49 na 59. Kiongozi anayesimama mbele ya mkutano na kusema wengi wamekubali ada anadai kitu ambacho hesabu yake haijakithibitisha.

Anayetaka uhakika wa asilimia 99 hawezi kuupata kwa kubadilisha e. Anapaswa kurudi kwenye kanuni ndefu, ambayo kwa chama hiki chenye watu 1,200 na kosa lile lile la asilimia 5 itamtaka ahoji watu 428.

Swali la fedha ni swali jingine

Kifupisho kimetengenezwa kwa ajili ya asilimia: wangapi wanakubali, wangapi wanajua, wangapi wana cheti. Dodoso la mpakani, hata hivyo, haliishii hapo. Huuliza pia mfanyabiashara hupoteza shilingi ngapi kwa mwezi kwa sababu ya bidhaa kuharibika akisubiri, au hulipa kiasi gani kwa usafiri.

Kwa maswali hayo kinachohesabika ni jinsi fedha zinavyotofautiana kati ya mtu na mtu. Muuza nyanya anaweza kupoteza sana wiki moja, na muuza vitenge asipoteze kitu. Kanuni haijui tofauti hiyo, wala haiulizi.

Tuseme watu 300 wa chama chetu wamehojiwa na hasara ya wastani ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Tuseme pia mchepuko wastani, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni shilingi 40,000. Si ajabu kipimo hicho kuzidi wastani pale ambapo wengi wanapoteza kidogo na wachache wanapoteza sana. Kosa la wastani huo, kwa uhakika ule ule wa 95, ni shilingi 4,000 kila upande. Hiyo ni zaidi ya asilimia 13 ya wastani. Ripoti iliyoandika ukurasa wa kwanza kwamba kosa lake ni asilimia 5 imesema kweli kuhusu swali la ada, lakini si kuhusu swali la hasara.

Jambo hili limewahi kuandikwa na wanatakwimu. Mwaka 2012, Jeffry Tejada na Joyce Punzalan walichapisha makala katika jarida la takwimu la Ufilipino kuhusu matumizi mabaya ya kanuni hii. Walionyesha kwamba inafaa pale tu panapotafutwa asilimia, na kwa uhakika wa karibu 95.

Aliyesimama getini humwona nani?

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba wahojiwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu, kila mwanachama akiwa na nafasi sawa na mwenzake. Njia ya kufanya hivyo ni kuchukua daftari la wanachama, kumpa kila mmoja namba, na kuchagua namba 300 kama kura. Kazi hiyo huchosha, kwa hiyo wengi husimama getini asubuhi na kuhoji wanaopita hadi watimie 300.

Tuone kinachotokea. Kati ya wanachama wetu 1,200, tuseme 400 huvuka kila siku na 800 huvuka mara moja kwa wiki. Kati ya wanaovuka kila siku, asilimia 75 wanataka ghala, kwa kuwa watalitumia. Kati ya wanaovuka mara moja kwa wiki, ni asilimia 30 tu. Hesabu ya kweli ya chama ni watu 300 wa kundi la kwanza na 240 wa kundi la pili, jumla 540. Hiyo ni asilimia 45. Wengi hawataki ada.

Siku moja getini wanapita wale 400 wote, na takriban 114 kati ya wale 800. Wanaotaka ghala ni 300 na kama 34. Jumla ni 334 kati ya 514, sawa na asilimia 65. Ripoti itaandika asilimia 65, kosa pointi 5, uhakika 95. Ukweli uko pointi 20 chini yake.

Kuongeza wahojiwa hakusaidii. Hata akihojiwa kila aliyepita getini siku hiyo, jibu litabaki 65. Kosa linalohesabiwa na kanuni ni lile la bahati ya kura tu, na kosa hili halikutokana na bahati. Limetokana na mahali mhoji aliposimama.

Dalili yake huonekana ukilinganisha wahojiwa na daftari. Kama daftari linasema theluthi moja ya wanachama huvuka kila siku, na katika wahojiwa ni zaidi ya robo tatu, sampuli imepinda. Kwa sababu hiyo dodoso zuri humuuliza kila mtu anavuka mara ngapi kwa wiki, ili mtafiti aweze kumpa anayeonekana mara chache uzito unaomstahili.

Kabla ya kukubali asilimia

Kuna dhana mbili zaidi zinazoonekana kwa haraka. Kanuni huchukua kwamba wote waliochaguliwa watajibu. Mtu mmoja kati ya watano akikataa, chama kinachohitaji majibu 300 kinapaswa kuchagua watu 375, na kuuliza kama waliokataa wanafanana na waliokubali. Vilevile, kosa la asilimia 5 ni la chama kizima. Wauza samaki wakiwa 60 kati ya wale 300, kosa la asilimia yao peke yao ni karibu pointi 11. Ripoti inayotoa kauli kuhusu wauza samaki kwa kosa la 5 imejipa uhakika isiokuwa nao.

Kwa hiyo, chama kinapoletewa ripoti yenye kanuni hii, idadi ya waliohojiwa si swali la kwanza. La kwanza ni wapi na vipi walipatikana. La pili ni kama namba inayojadiliwa ni asilimia au ni fedha. La tatu ni kama asilimia hiyo, ikiongezwa na kupunguzwa kosa lake, bado inavuka nusu. Ripoti isiyoweza kujibu la kwanza haiokolewi na majibu ya mengine mawili, na ada isipangwe kwa sababu yake mpaka daftari lifunguliwe na kura ipigwe upya.