Matundu manne: hesabu ya shali ya pembe tatu inayoanzia shingoni

Itandaze mezani shali ya lesi ya pembe tatu iliyofumwa kuanzia katikati ya shingo, kisha usahau maua yake kwa muda. Utaona mistari minne ya matundu ikitoka mahali pamoja. Miwili inafuata ukingo wa juu, mmoja ukienda kulia na mwingine kushoto. Miwili iliyobaki inashuka ikiwa imekibana kitanzi kimoja cha katikati, mpaka kwenye ncha inayolala mgongoni. Mistari hiyo ndiyo shali. Yote mengine yaliyomo ni pambo, na anayetaka kubuni pambo lake mwenyewe sharti kwanza aelewe matundu hayo yanafanya kazi gani.

Shali za namna hii zimezoeleka zaidi katika nchi za baridi. Huko Aislandi ni vazi la zamani la wanawake, na mwaka 2007 Mmarekani Evelyn Clark alitoa kitabu kizima cha kumfundisha mfumaji kupanga michoro ya lesi ndani ya pembetatu na kujibunia shali yake. Wengi hupenda kuanzia shingoni kwa sababu moja ya kiuchumi: uzi ukikaribia kwisha, unafunga kazi hapo ulipofika, na shali bado ni pembetatu kamili, ila ndogo kidogo.

Kazi inaanza na kipande kidogo mno. Unaweka vitanzi 3 sindanoni na kufuma mistari 6 bila kubadilisha mfumo. Kisha hugeuzi kazi kama kawaida, bali unaizungusha ili ubavu wa hicho kipande uwe juu, unaokota vitanzi 3 ubavuni, halafu vingine 3 pale ulipoanzia. Sasa vipo 9: vitatu vya ukingo huku, vitatu vya ukingo kule, na vitatu katikati. Kati ya hivyo vitatu, cha katikati kabisa ndicho uti wa shali, na vile viwili vinavyokizunguka ni mwanzo wa mabawa. Anayeruka hatua hii na kuweka vitanzi 9 moja kwa moja hatapoteza shali, lakini atabaki na nundu ndogo nyuma ya shingo, mahali ambapo macho ya watu hufika kwanza.

Kutoka hapo, kila mstari wa upande wa mbele unaongeza vitanzi 4. Unafuma 3 vya ukingo, unazungusha uzi sindanoni mara moja ili liwe tundu, unafuma bawa la kwanza, tundu, kitanzi cha uti, tundu, bawa la pili, tundu, kisha 3 vya ukingo. Mstari wa nyuma hauongezi kitu. Unarudi tu, ukivifuma kwa kinyume vyote isipokuwa vya ukingo. Kwa hiyo baada ya mstari wa kwanza wa mbele una 13, wa pili 17, wa tatu 21. Kila bawa linakua kwa vitanzi 2: lilikuwa na 1, linakuwa na 3, kisha 5, kisha 7. Hesabu ya jumla ni 9 ukijumlisha mara nne ya mistari ya mbele uliyokwisha kufuma.

Ndani ya bawa, lesi inafuata sheria nyingine. Kila tundu lina mwenza wake: popote unapozungusha uzi na kuongeza kitanzi, jirani yake unafuma viwili pamoja na kukipunguza. Matundu ya pambo hayabadilishi idadi hata moja. Ni yale manne tu yasiyo na mwenza, na ndiyo maana pembetatu inapanuka.

Ubunifu wenyewe unaanza na swali hili: bawa linaongezeka kwa vitanzi 2 kila mistari miwili, je, pambo nililolipenda litaingiaje ndani ya ongezeko hilo? Chukua pambo lenye upana wa vitanzi 6 na urefu wa mistari 4. Mstari wake wa kwanza una kitanzi kimoja cha kawaida, tundu, viwili pamoja vikilalia kushoto, kimoja cha kawaida, viwili pamoja vikilalia kulia, tundu. Mstari wa tatu una viwili vya kawaida, tundu, vitatu vilivyofumwa pamoja, tundu, kimoja cha kawaida. Mstari wa pili na wa nne ni ya kurudi tu. Hesabu mwenyewe: unatumia vitanzi 6 na unapata 6. Mwisho wa bawa unaongeza kitanzi kimoja cha kulisawazisha, ili upande wa kulia na wa kushoto vifanane.

Pambo hilo likifumwa mara moja, mistari 4, bawa limeongezeka kwa vitanzi 4, na 4 haitoshi kuanzisha pambo jipya la vitanzi 6. Likifumwa mara tatu, mistari 12, bawa limeongezeka kwa 12: sita upande wa ukingo na sita upande wa uti. Hapo kila upande umepata nafasi ya pambo moja zima, na mapambo mapya yanakaa sambamba na ya zamani. Mistari hiyo 12 tuiite awamu. Bawa linaanza na 1, na baada ya kila awamu lina 13, 25, 37, 49, na kuendelea. Awamu ya kwanza haina pambo, maana hakuna pa kuliweka. Ya pili ina mapambo mawili kila bawa, ya tatu manne. Katikati ya awamu, vitanzi vinavyozaliwa pembeni huvifuma kawaida: mstari wa kwanza hakuna, wa tatu kimoja kila upande, wa tano viwili, hadi vitano katika mstari wa kumi na moja.

Sasa jaribu pambo la vitanzi 10 na mistari 12. Bawa limepata 12, pambo linataka 10, na viwili vimebaki bila kazi. Awamu inayofuata vinabaki vinne. Pambo linaanza kutengana na uti, na huwezi kuona kosa mpaka umefika mbali, kwa sababu hakuna kitanzi kilichopotea. Dawa yake si kufuma kwa uangalifu zaidi. Ni kulirefusha au kulifupisha pambo liwe na mistari 10 au 20 kabla ya kushika sindano. Daftari la hesabu la shule, lile la miraba, linafaa sana kwa jambo hili: mraba mmoja ni kitanzi kimoja, na mteremko wa ukingo unauchora kabla ya kulijaza bawa.

Tufanye tumefika awamu 12. Mistari ni 144, kila bawa lina 145, na jumla sindanoni ni 297. Je, shali ina ukubwa gani? Tuseme sampuli uliyoiosha na kuivuta inatoa vitanzi 16 na mistari 32 kwa kila sentimita 10. Mistari 144 ni sentimita 45, na wengi hudhani hicho ndicho kina cha shali. Sicho. Mistari ya bawa haikatizi uti kwa pembe mraba. Uti unashuka kwa mshazari, kwa hiyo kina unakipata kwa kuzidisha 45 kwa 1.4, yaani karibu sentimita 64. Upana wa juu, toka ncha hadi ncha, ni mara mbili ya kina: kama 128. Ukiongeza pindo la mistari 16 la kumalizia, unafika 71 kwa 142, kipimo cha kutosha kufunika mabega ya mtu mzima.

Pindo nalo lina hesabu yake, ila hapa tumebahatika. Bawa letu kila awamu linapokwisha lina kumi na mbili mara kadhaa, na kimoja cha ziada. Kwa hiyo pindo la pambo la vitanzi 12 litaingia popote utakapoamua kusimama. La vitanzi 8 litaingia tu ukisimama kwenye awamu ya shufwa.

Na utasimama wapi? Mizani ya jikoni ndiyo itakayokuambia. Mistari inazidi kurefuka, hivyo uzi hautumiki sawasawa: kati ya awamu hizo 12, nusu ya uzi wake inakwisha ukiwa katikati ya awamu ya tisa, na ya mwisho peke yake inakula karibu asilimia 16. Pindo la mistari 16 linataka asilimia 19 ya uzi wa shali nzima, bado ufungaji. Mimi nisingeanza pindo bila robo ya uzi mkononi. Kwa ukubwa huu, gramu 100 za uzi mwembamba wa sufu wenye mita 450 hivi na sindano za milimita 4 ni makadirio ya busara.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kusahau tundu moja kando ya uti. Funga kipete cha uzi wa rangi nyingine kila upande wa uti, na mwisho wa kila awamu hesabu bawa moja moja badala ya jumla. Ukikuta 61 huku na 60 kule, fuata mstari wa matundu kwa kidole, palipozibwa utapaona. Kama ni mstari uliopita tu, inua kwa sindano ule uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, na tundu limerudi.

Ukimaliza kufunga, kwa ulegevu na kwa sindano nene zaidi, utakachokishika kitakuvunja moyo: kimejikunja, na ukingo wa juu umeinama kama mabawa ya kuku aliyenyeshewa. Sababu ni kwamba kitanzi kimoja cha mfumo huu ni chembamba kuliko kimo cha mistari miwili, kwa hiyo pembe ya shingoni haifiki nyuzi 180. Kuivuta ndiko kunakolingana vipimo. Loweka shali nusu saa, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze juu ya godoro, kisha choma pini: kwanza katikati ya shingo, halafu ncha mbili za juu kwa mstari ulionyooka, halafu ncha ya chini, na mwisho kila kilele cha pindo. Sufu ikikauka kabisa hapo inabaki na umbo hilo mpaka ifuliwe tena. Pamba hulegea mapema. Akriliki, ambayo ndiyo iliyojaa katika maduka mengi ya nyuzi, haisikii maji. Inahitaji mvuke wa pasi iliyoshikwa juu yake bila kuigusa, na ukizidisha joto inalegea moja kwa moja na hairudi.